Mifuko 14,000 ya saruji: namna ya kudai punguzo la mwisho wa mwaka

KAMPALA. Desemba inapofika, wenye maduka ya vifaa vya ujenzi wa Ndeeba na Kisenyi huwa na ombi moja kwa wasambazaji wao: nimenunua kwako mwaka mzima, nirudishie kidogo. Wengi hulitoa kwa mdomo, wakiwa wamesimama kando ya lori linaloshusha mzigo, na hujibiwa kwa kalenda na fulana.

Anayepata fedha ni yule anayekwenda na hesabu. Chombo cha kuipata hesabu hiyo, kwa kejeli ya mambo, ni kile kile kilichowafanya wafanyabiashara wa Kampala wafunge maduka Aprili 2024: EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato ya Uganda. Msambazaji akiingiza namba ya mlipakodi ya mnunuzi anapotoa ankara, manunuzi hayo huonekana pia upande wa mnunuzi. Hayo ndiyo maandishi ambayo muuzaji hawezi kuyakana, kwa sababu ni yake mwenyewe.

Tuchukue mfano wa duka la Ndeeba linalouza saruji. Daftari la mwenye duka linasema amenunua mifuko 14,600 tangu Januari. EFRIS inaonyesha 14,000. Tofauti ya 600 ina sababu mbili: mifuko 150 ilirudishwa ikiwa imepasuka, na 450 ilichukuliwa na kijana wa duka kwa fedha taslimu, ikaandikwa kama mauzo ya mteja yeyote apitaye. Ile 150 haidaiwi. Ile 450 ilinunuliwa kweli, lakini haina ushahidi, na kuing'ang'ania kunampa msambazaji nafasi ya kutilia shaka orodha yote. Ni heri kuiacha, na kuanzia hapo kijana asitoke bohari bila ankara yenye namba ya duka.

Hesabu iwe ya mifuko, si ya shilingi. Bei ikipanda, thamani ya manunuzi hupanda hata kama mzigo haukuongezeka, na msambazaji analijua hilo. Kama mwaka uliopita duka lilichukua mifuko 11,000, ongezeko la 3,000 ndilo lenye uzito mezani.

Mnunuzi anaomba shilingi 300 kwa kila mfuko, kuanzia wa kwanza: milioni 4.2. Msambazaji anakubali kiwango, ila anasema kihesabiwe kwa mifuko iliyozidi 12,000 tu. Hiyo ni mifuko 2,000, yaani shilingi 600,000. Wote wawili wametamka "mia tatu", lakini kati yao kuna milioni 3.6. Mabishano mengi ya punguzo hili huanzia hapa, kwa hiyo swali la "kuanzia mfuko upi?" liulizwe kabla ya swali la kiasi. Katika mfano wetu wanakutana kwenye shilingi 150 kwa mifuko yote: milioni 2.1.

Kisha kuna namna ya kulipa, na hapa wengi hujikwaa. Bei ya saruji ina kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Katika milioni 2.1, kodi ni karibu shilingi 320,000. Msambazaji akituma fedha kwa simu kimyakimya, anabaki ameilipia serikali kodi ya bei ambayo hakuipata yote. Akitoa hati ya punguzo kupitia EFRIS, ikirejea ankara za awali, kodi yake inashuka. Mnunuzi aliyesajiliwa kwa kodi hiyo naye anapunguza kiasi alichokwisha kudai. Kwa maneno mengine, punguzo lenye hati linamgharimu msambazaji pungufu, na mnunuzi anayelijua hilo anaweza kuomba kidogo zaidi. Ubaya wake ni kazi ya kurejea ankara nyingi, jambo ambalo wahasibu hawalipendi wiki ya Krismasi.

Ndiyo maana ombi lipelekwe mwanzoni mwa Desemba. Mara nyingi msambazaji naye ana lengo lake la mwaka kiwandani, na oda moja kubwa kabla ya tarehe 31 inaweza kumvusha. Januari, nguvu hiyo imekwisha.

Deni lililopitwa na wakati huua ombi lote. Asiyelipa ndani ya siku walizokubaliana ataambiwa, na kwa haki, kwamba punguzo lake amekwisha kulila kwa kuchelewesha fedha. Na bila makubaliano ya awali, hili ni ombi tu. Msambazaji anaweza kukataa bila kuvunja mkataba wowote. Mwenye duka wa mfano wetu anaondoka na karatasi ya ukurasa mmoja iliyosainiwa, ya mwaka unaofuata: shilingi 150 kwa kila mfuko zikifika 12,000, 250 zikifika 16,000, kuanzia mfuko wa kwanza, kwa hati ya punguzo, kabla ya Desemba 20.