Jina la jimu lisilomtisha mgeni

Majina kama Chuma au Simba humvutia aliyekwisha kuzoea vyuma. Mama wa miaka 50 asiyewahi kupanda mashine ya kukimbilia hupita tu, akijua hapo si pake. "Jikaze" nalo ni amri: linamwambia mtu amelegea kabla hajavaa raba. Mimi ningeandika "Tuanze". Kiambishi tu- kinamweka mwalimu na mgeni mstari mmoja, na kitenzi bado kinasukuma. "Polepole" halitishi, lakini nani ataamka alfajiri kwa ajili yake? Mpe jirani asiyefanya mazoezi aseme: "Naenda Tuanze, nitachelewa kurudi." Akilitamka bila aibu, limefaa. Kwa Tanzania Bara, kabla ya kuchora bango, hakikisha BRELA kwamba hakuna aliyekwisha kulisajili.