Kikombe cha unga si kikombe cha maji

Jumamosi moja jioni jirani yangu hapa Kansanga aliniita jikoni kwake kabla hajawasha oveni. Bakuli lilikuwa mezani, na mwiko umesimama wima katikati ya mchanganyiko bila kushikwa na mtu. "Dada, hii ni keki au ni donge la chapati?" aliniuliza.

Resipi yake ilikuwa ya Kimarekani: vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha sukari, nusu kikombe cha siagi, mayai 2, robo tatu ya kikombe cha maziwa na vijiko 2 vidogo vya beking pauda. Alikuwa na mizani mpya, kwa hiyo aligeuza vikombe kuwa gramu kwa programu ya kubadilisha vipimo iliyokuwa kwenye simu yake. Kwa unga, ilimpa gramu 473.

Nilipoiona namba hiyo nilijua yaliyotokea. Kikombe cha Kimarekani hubeba mililita 236.6, na mililita moja ya maji ina gramu moja. Programu ilizidisha kwa mbili tu, kana kwamba kila kinachoingia kikombeni ni maji. Kikombe hupima nafasi, mizani hupima uzito, na huwezi kutoka kimoja kwenda kingine bila kujua ni kitu gani kimejaa humo. Unga una hewa nyingi kati ya chembe zake. Kampuni ya unga ya Marekani, King Arthur, huhesabu kikombe kimoja kuwa gramu 120, kwa hiyo resipi ilitaka 240. Sukari ilipaswa kuwa gramu 200, yeye akaweka 237. Siagi ilitakiwa 113, akaweka 118. Hiyo ilipona, maana uzito wake unakaribia wa maji.

Tazama jinsi kosa lilivyogawanyika: unga karibu mara mbili, sukari imezidi kidogo, siagi sawa. Hapo uwiano umevunjika. Afadhali hata angepima kwa tumpeco, kile kikombe chetu kikubwa cha takriban nusu lita. Angetumia hicho hicho kwa unga, sukari, siagi na maziwa, vingeongezeka kwa pamoja, kisha angeongeza mayai na beking pauda mara mbili. Keki ingekuwa kubwa, lakini ingekuwa keki.

Kuijaribu programu huchukua nusu dakika. Iulize kikombe 1 cha maji ni gramu ngapi, halafu kikombe 1 cha unga. Ikijibu 237 kwa vyote viwili, au isipokuuliza kabisa ni kitu gani unachopima, itumie kwa nyuzi joto na mililita tu. Huko haina tatizo: 350 za Fahrenheit ni 177 za Selsiasi kwa kitu chochote.

Programu nzuri nazo hazikubaliani. Moja itakupa 120 kwa unga, nyingine 130, na sishangai. Ukijaza unga kwa kijiko taratibu na kusawazisha kwa kisu, utapata kama 120. Ukichota kwa kikombe chenyewe moja kwa moja mfukoni, unga hushindiliwa na unaweza kufika 150. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko ile ya kikombe cha Kimarekani na kile cha mililita 250 kinachouzwa madukani, ambayo watu huihangaikia bure. Kwa hiyo soma kama mwandishi wa resipi ametaja gramu popote, na kama ametaja, fuata zake, achana na programu.

Asipotaja, tengeneza namba yako. Weka kikombe juu ya mizani, rudisha kwenye sifuri, jaza unga kwa kijiko, sawazisha, soma. Fanya mara tatu, chukua wastani, uandike ndani ya mlango wa kabati. Mizani yenyewe ihakiki kwa pakiti ya sukari ya nusu kilo ambayo haijafunguliwa. Beking pauda usiipime kwa mizani ya kawaida ya jikoni: kijiko kidogo ni kama gramu 4, na mizani nyingi hazioni vizuri chini ya gramu 5. Tumia kijiko cha kupimia cha mililita 5, maana vile vya chai vya nyumbani hutofautiana mno.

Bakuli la jirani hatukulimwaga. Kwa kuwa unga ulikuwa karibu maradufu, tulivifuatisha vingine: sukari gramu 163 zaidi, siagi laini gramu 108, mayai mawili, maziwa na beking pauda kwa kipimo kile kile tena. Zikatoka keki mbili. Zilikuwa nzito kidogo, kwa sababu unga ulikuwa umekorogwa mno kabla ya kuniita, lakini watoto walimaliza ya kwanza kabla haijapoa.