Chai Imechemka, Mala Je?

Tuchukue mfano wa nyumba yenye ng'ombe watatu wa maziwa. Kila asubuhi mama huchemsha maziwa ya chai, wala haruhusu mtoto kuonja mabichi. Lakini lita moja ya maziwa hayohayo humiminwa kibuyuni bila kupita motoni, yalale siku mbili yawe mala. Kisha ng'ombe mmoja akatupa mimba ya miezi saba. Wiki chache baadaye baba akashikwa na homa ya kuja na kuondoka, jasho jingi la usiku, na maumivu ya kiuno na magoti. Akapimwa malaria, hana. Akapewa dawa za homa ya matumbo, akapata nafuu ya siku chache tu.

Hiyo ndiyo sura ya bruselosi. Vijidudu vyake hutoka ndani ya maziwa ya ng'ombe anayeonekana mzima, na maziwa hayabadiliki rangi, harufu wala ladha. Ukali wa mala hauviui kwa hakika. Moto ndio unaoviua. Nyumba ile ilifunga mlango wa mbele, ikaacha wa nyuma wazi.

Basi maziwa yote yapite motoni kwanza, ya chai na ya mala. Povu likipanda, usidhani kazi imekwisha. Punguza moto, koroga hadi chini ya sufuria, uyaache yatokote katikati kwa dakika moja au mbili. Kisha yafunike. Kata iliyochota maziwa mabichi isitumbukizwe tena humo, wala yasirudishwe katika chombo cha kukamulia.

Kwa mala, yaache maziwa yaliyochemka yapoe yawe vuguvugu, utie vijiko viwili vya mala iliyotokana na maziwa yaliyochemshwa. Chachu ya maziwa mabichi hurudisha ugonjwa uleule. Kibuyu cha zamani ni kigumu kusafika ndani. Afadhali chombo cha bati kinachosuuzwa kwa maji ya moto.

Hata hivyo, kuchemsha hakumkingi anayezalisha ng'ombe. Ndama aliyetoka kabla ya wakati, kondo lake na majimaji yake hubeba vijidudu vingi, navyo hupenya kwenye michubuko ya ngozi. Vaa glavu, vizike mbali na mbwa, unawe kwa sabuni. Mjamzito asikaribie. Mwite afisa wa mifugo ampime damu ng'ombe aliyetupa mimba.

Na mwenye homa isiyokoma amwambie daktari waziwazi kwamba nyumbani kuna ng'ombe, ili damu yake ipimwe bruselosi. Tiba yake kwa kawaida ni dawa mbili kwa pamoja, nayo huchukua wiki 6. Anayeiacha wiki ya pili kwa kuwa amepata nafuu, homa humrudia.