Simu imejaa? Usikimbilie kufuta picha

Mwezi uliopita shangazi yangu wa Likoni alinipigia simu akilia. Simu yake ilikuwa imejaa, hata video fupi haipokei. Akaingia Google Photos, akachagua picha zote za harusi ya binti yake, akabonyeza "Delete". Alidhani zitabaki mtandaoni, maana nilishamwambia kuwa zimehifadhiwa huko. Jioni binti yake akafungua tableti yenye akaunti hiyohiyo: hakuna picha hata moja.

Kosa lilikuwa langu pia, kwani sikumweleza jambo moja. Apu hii haitunzi nakala mbili usizohusika nazo. Ya simu na ya mtandaoni huzihesabu kuwa picha moja. Ukibonyeza "Delete" ndani yake, unaifuta simuni, mtandaoni na kwenye kila kifaa chenye akaunti hiyo.

Bahati nzuri, picha iliyokwisha hifadhiwa mtandaoni hukaa siku 60 ndani ya "Trash" (simu nyingine huandika "Bin") kabla ya kupotea kabisa. Tuliingia humo, tukazichagua, tukabonyeza "Restore". Zikarudi zote.

Kisha tukafanya ilivyopasa. Kwanza hakikisha picha zimepanda kweli. Fungua picha moja, ivute juu kwa kidole, usome maelezo: lazima pawe na neno "Backed up". Mimi siamini hilo peke yake, nikaingia photos.google.com kwa kompyuta ya jirani, nikaziona kwa macho yangu (na nikakumbuka kutoka kwenye akaunti kabla ya kuondoka). Hapo ndipo ubonyeze picha yako ya akaunti, pale juu kulia, uchague "Free up space". Hiyo huondoa nakala za simuni tu, tena zile zilizokwisha kupanda. Ukitaka kuondoa chache, zichague, ubonyeze "Delete from device".

Simu ya shangazi ikapumua. Lakini picha alizotumiwa kwa WhatsApp hazikuwa zimepanda, kwa sababu folda ile haihifadhiwi mpaka uiwashe mwenyewe kwenye mipangilio ya "Backup". Angezifuta kwenye galari ya simu, kusingekuwa na nakala yake mtandaoni.

Picha zilizoondolewa bado utaziona ndani ya apu, ila kuifungua vizuri kunahitaji bando. Hapo ndipo wengi huteleza mara ya pili: wanaona picha bado ipo, wanadhani haijatoka simuni, wanabonyeza "Delete". Sasa hiyo ni nakala pekee iliyobaki.

Wenye aifoni wanaotumia iCloud Photos, kwenu hakuna kitufe kama hicho. Kufuta ni kufuta kote. Washa "Optimize iPhone Storage" kwenye mipangilio, simu ibaki na nakala ndogo na ile kubwa ikae mtandaoni.

Shangazi bado hajaniruhusu nimguse simu tena.