Roda Mbili kwenye Ekseli Moja

Roda mbili za ukubwa tofauti zikikazwa kwenye ekseli moja huzunguka pamoja kama kitu kimoja. Kila roda ina kamba yake, na kamba hizo huviringishwa kwa kupishana, moja ikifunguka nyingine ikijikunja. Kwa hiyo mzigo wa upande mmoja ukishuka, wa upande wa pili hupanda.

Tuseme roda kubwa ina nusu kipenyo cha mita 0.2 na imebeba kilo 3, na ndogo ina mita 0.1 na imebeba kilo 5. Jicho linatarajia kilo 5 zishuke, lakini zinapanda. Kinachoamua si uzito peke yake bali momenti, yaani nguvu mara umbali wake kutoka katikati ya ekseli. Uzito wa kilo moja ukikadiriwa kuwa nyutoni 10, upande mkubwa una 30 × 0.2, sawa na 6. Upande mdogo una 50 × 0.1, sawa na 5. Kilo 3 zinashinda kwa momenti 1. Ili pande zilingane, roda ndogo ingehitaji kilo 6.

Ziada hiyo ndiyo inayochapusha mfumo wote: mizigo miwili pamoja na roda zenyewe, ambazo nazo hukinza kuzungushwa. Inesha ya mzunguko ya kila mzigo ni kilo zake mara mraba wa nusu kipenyo: 0.12 kwa kilo 3 na 0.05 kwa kilo 5. Ikiwa roda zina 0.03, jumla ni 0.20. Momenti 1 ikigawanywa kwa 0.20, mchapuko wa mzunguko ni 5. Kilo 3 hushuka kwa mchapuko wa 5 × 0.2, yaani mita 1 kwa sekunde mraba, na kilo 5 hupanda kwa nusu ya hiyo, kwa kuwa roda yao ni nusu ya ile kubwa.

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba mkazo wa kamba ni sawa na uzito wa mzigo. Hilo ni kweli mzigo ukiwa umetulia, au ukienda kwa kasi isiyobadilika. Hapa kamba ya mzigo unaoshuka ina mkazo wa nyutoni 27, si 30, na ya unaopanda ina 52.5, si 50. Uhakiki ni rahisi: 27 × 0.2 ukiondoa 52.5 × 0.1 hubaki 0.15, kiasi kilekile kinachohitajika kuchapusha roda zenyewe, 0.03 × 5. Anayetumia 30 na 50 hupata mchapuko wa mzunguko wa 33, zaidi ya mara sita ya ule halisi.

Hesabu hii haikuingiza msuguano wa ekseli. Katika mfano huu, msuguano unaoweza kuzuia momenti 1 unatosha kuuacha mfumo umesimama kabisa. Kamba nene nayo hubadili mambo, kwani ikijikunja juu ya mizunguko yake yenyewe, nusu kipenyo huongezeka na momenti hubadilika mzigo ukiwa njiani.