Wepesi wa Kusoma Unapodanganya

Mwaka 2006, wanasaikolojia wa Marekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu makala fupi ya sayansi. Kundi moja liliisoma kwa vipindi vinne mfululizo. Jingine liliisoma kipindi kimoja, kisha mara tatu likaandika kila lilichokumbuka bila kuitazama.

Walipoulizwa watakumbuka kiasi gani baada ya wiki, waliorudia kusoma ndio waliojiamini zaidi. Wiki ilipopita, walikumbuka asilimia 40 hivi. Wenzao, asilimia 61.

Kilichowapotosha ni wepesi. Maneno yaliyokwisha kuzoeleka huteleza machoni, na msomaji hudhani amejua, ilhali jibu bado liko kwenye karatasi. Kujipima papo hapo nako hupotosha: baada ya dakika tano, waliorudia kusoma ndio walioongoza.

Kwa hiyo anayejifunza, tuseme, mzunguko wa damu, afunge daftari, asubiri hadi kesho, achore moyo na mishipa yake kwa kumbukumbu, ndipo afungue kitabu na kusahihisha. Asijihurumie. Aliyeandika kwamba damu huenda kwenye mapafu, asitaje kuwa inatoka ventrikali ya kulia, bado ana pengo, na sasa anajua liko wapi.