Karatasi ya likizo: nani afanye nini, na saa ngapi



Shule zimefunga na watoto wako nyumbani hadi Septemba. Hapa Bukavu, katika nyumba nyingi, kazi za likizo zinagawanywa kwa kuita: njoo uoshe vyombo, kimbia soko! Anayeitwa zaidi ni binti mkubwa. Mama mmoja wa kikundi chetu alihesabu siku moja ya watoto wake. Binti wa miaka 13 alifanya kazi saa sita: maji saa mbili, kufagia na vyombo saa moja, soko saa moja, kupika saa mbili. Kaka yake wa miaka 10 alifanya nusu saa tu. Jioni binti alifungua daftari, akasinzia juu yake.

Mama huyo anatoka mapema kuuza sokoni, kwa hiyo aliwaandikia watoto karatasi hii na kuibandika karibu na mlango:

«Wanangu, nikiwa sipo, karatasi hii ndiyo inasema. Yaya hatawapigia kelele, na ninyi hamtabishana naye.

Saa 12 asubuhi (kwenye simu 06:00): kuamka. Yaya na wa pili mnaenda pamoja kwenye robine, kila mmoja na bidoni yake; Yaya ya lita 10, wa pili ya lita 5. Mdogo anafagia chumba.

Saa 1 na nusu (07:30): uji.

Saa 2 hadi saa 3 na nusu (08:00–09:30): masomo, wote mezani. Hesabu kwanza, halafu kusoma Kifaransa kwa sauti. Mdogo anaandika nusu saa, kisha yuko huru.

Saa 3 na nusu hadi saa 5 (09:30–11:00): michezo ndani ya lupango.

Saa 5 (11:00): wa pili anaenda kununua mboga na sambaza. Yaya anapika. Mbabula inawashwa nje, na mdogo haikaribii.

Saa 7 (13:00): chakula. Wa pili anaosha vyombo, mdogo anavipanga.

Saa 8 hadi saa 11 (14:00–17:00): michezo. Mpira, kamba, kutembelea wenzenu. Yaya naye anaenda.

Saa 11 (17:00): kila mtu nyumbani, kuoga.

Saa 1 usiku (19:00): mmoja anasoma hadithi, wengine tunasikiliza. Saa 2 na nusu (20:30): kulala.

Jumapili hakuna masomo. Mama yenu.»

Tazameni alivyopanga. Maji yako mwanzo kwa sababu wakati wa kiangazi robine zina foleni, na anayechelewa anapoteza asubuhi yote. Masomo yanafuata uji, kabla ya soko na moto, wakati kichwa bado ni kipya na mwanga wa jua unatosha hata umeme ukikatika. Saa moja na nusu inatosha. Ukiandika saa nne, mtoto atakaa mezani akichora.

Saa zimeandikwa namna mbili kwa sababu sisi tunasema saa mbili, lakini simu inaonyesha 08:00. Mtoto wa miaka 10 akisoma «saa 2» peke yake, anaweza kungoja simu ionyeshe 02:00 au 14:00.

Sasa hesabuni tena. Yaya ana maji saa moja na nusu na kupika saa mbili: jumla saa tatu na nusu. Kaka yake ana maji, soko na vyombo: karibu saa tatu. Binti amepata masomo ya asubuhi na mchana wa kucheza. Mchezo wake umeandikwa kwa saa na kwa jina, maana usipouandika, ndiyo saa ya kwanza kuliwa na kazi nyingine.

Karatasi inaweza kuharibika. Mama huyu anaweka alama ya kalamu kila jioni kwa saa iliyoheshimiwa, na Jumamosi anaangalia. Wiki ya kwanza masomo yalikosa alama siku tatu. Aliuliza kabla ya kugomba, akakuta foleni ya maji inaisha saa 2 na nusu. Alisogeza masomo hadi saa 3 (09:00), akafupisha mchezo wa asubuhi, basi. Ikiwa alama zinakosekana kwa mtoto mmoja tu, zungumza naye. Zikikosekana kwa wote saa ileile, basi saa hiyo ndiyo mbaya.

Kuna siku karatasi haifai: mtoto mgonjwa, msiba, robine kavu. Siku hiyo punguzeni kazi nyingine, lakini msiongeze zote juu ya Yaya. Na kabla ya kuandika ya kwenu, hesabuni siku moja, mtoto kwa mtoto, kama mama huyu.